Maswali Saba kwa Redio

9 Januari 1993

Mdogo wangu,

Salamu hizi zinatoka ghorofa ya kumi na mbili. Nimekaa kwenye chumba cha mashine ya lifti nikisubiri mota ipoe, na karatasi niliyoipata karibu ni fomu ya ukaguzi, kwa hiyo nivumilie. Huku hatujambo. Wifi yako alishikwa na mafua wiki nzima, sasa yeye amepona na mafua amenihamishia mimi. Mtoto ameota jino la mbele na anamng'ata nalo kila anayemkaribia. Baba anaendeleaje na goti? Mwambie dawa ya kupaka inapakwa, haiwekwi kabatini.

Sasa nina jambo. Redio hajibu barua zangu. Nimemwandikia Septemba, nimemwandikia Oktoba, nimemwandikia Desemba, kimya. Unamjua mwenyewe. Tangu tuko darasa la nne hajawahi kunyamaza hata mwalimu akamaliza kuita majina, ndiyo maana nikampa jina lile na likamganda mpaka leo. Mwaka juzi aliniandikia kurasa sita kuhusu mteja aliyesinzia kwenye kiti akaamka kichwa kimenyolewa nusu. Kurasa sita, na mwishoni akasema ameifupisha. Leo hata mstari mmoja hapati?

Ningesema ni uvivu, lakini wiki iliyopita alipita hapa yule fundi viatu ambaye kibanda chake kimepakana na duka la kunyolea la Redio. Nikamwuliza habari za jirani yake. Akasema, "Ananyoa tu. Haongei. Ukimsalimia anakujibu, halafu basi." Maneno hayo yamenikaa vibaya.

Nakuomba upite dukani kwake umwulize. Ili usibabaike, nimekuandikia maswali nyuma ya fomu nyingine, uyafuate kwa mpangilio kama sisi tunavyokagua lifti, unaanza na umeme unamaliza na milango. Unaumwa? Mama yako mzima? Umegombana na mtu? Kuna mwanamke? Unakula? Umekasirika na mimi? Kama si hayo yote, ni nini? Maswali saba, majibu saba, tutajua tatizo liko wapi.

Usimwambie kwamba nimekutuma.

Kaka yako

*

2 Februari 1993

Kaka,

Barua yako imefika ikinuka grisi. Sisi tupo. Goti la baba linauma akitumwa dukani na linapona akiitwa kucheza drafti. Dawa ya kupaka ameipaka bawaba za mlango, anasema sasa haulii. Pale kliniki tumepata kiti kipya cha kung'olea meno na wagonjwa wanakiogopa kuliko kile cha zamani, kwa sababu kinalala chenyewe.

Maswali yako nimeyauliza, na ningekuwa karibu ningekufinya kwa kila moja.

Nilikwenda Jumamosi saa tano, maana ndiyo siku ninayotoka mapema. Kwa ujinga wangu sikufikiri kwamba Jumamosi saa tano kila mwanaume wa mtaa huu anataka kunyolewa. Mmoja alikuwa kwenye kiti, watatu kwenye benchi. Nikasimama kando ya kioo, nikasema, "Redio, nina maswali machache," nikatoa karatasi. Redio akaiangalia. Upande uliokuwa umemwelekea yeye umeandikwa UKAGUZI WA LIFTI kwa herufi kubwa, na mwandiko wako unaonekana hata karatasi ikiwa imegeuzwa, jinsi unavyokandamiza kalamu. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikauliza hivyohivyo. Nifanyeje, nilishasimama. Unaumwa? Hapana. Mama mzima? Mzima. Umegombana na mtu? Hapana. Nilipofika kwa mwanamke benchi lote liliangua kicheko, na mmoja akasema, "Kumbe Redio imezimwa na mapenzi." Redio naye akacheka, halafu akawasha mashine. Swali la tano, la sita na la saba yalimezwa na mngurumo. Nilitoka pale masikio yanawaka moto.

Nikueleze nilichokiona, maana majibu hayana maana. Katika robo saa niliyokaa, watu wanne waliingia, na wote wanne salamu yao ilikuwa moja: "Redio, betri zimeisha?" Kila mara anacheka. Kicheko kilekile, urefu uleule. Duka ni safi, taulo zimefuliwa, na kwenye rafu ya kioo, kati ya poda na spiriti, kuna betri mbili mpya ambazo sijui ni za nini, mashine yake inatumia umeme. Amekonda kidogo. Zaidi ya hapo sijui, na tafadhali usinitumie tena karatasi.

Mdogo wako

*

20 Februari 1993

Mdogo wangu,

Poleni na kiti cha kutisha. Huku tu wazima, ila wifi yako amechoka na mimi kwa sababu nalala nikiongea habari za nyaya. Wiki hii lifti ya jengo la bima iligoma kati ya ghorofa ya sita na ya saba ikiwa na wanasheria wawili ndani, na walikuwa wamefunguliana kesi. Nilichukua saa mbili kuwatoa. Walitoka hawasemezani, kama walivyoingia.

Sasa wewe. Nani alikwambia uyasome mbele ya watu? Maswali yale ni ya kuuliza mtu akiwa peke yake. Nilidhani hilo halihitaji kuandikwa. Unafanya kazi mapokezi, unauliza watu habari zao kutwa nzima, halafu kwa Redio unasimama kama anayesoma taarifa ya habari.

Rudi. Nenda asubuhi kabla hajafungua, na safari hii usikubali "hapana". Mbane. Redio si mtu wa kuficha kitu, ukimbana kidogo atasema. Mimi nikiona taa nyekundu siiulizi lifti kama inajisikia kusema, nafungua kifuniko natazama.

Mimi nina haki ya kujua. Ni rafiki yangu wa miaka ishirini na nne.

Kaka yako

*

28 Machi 1993

Kaka,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka ipoe. Haijapoa. Baba anakusalimia, naye ana hasira zake, nitakueleza.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwenda Jumatatu saa moja asubuhi, akiwa anafagia nje. Nikasimama mlangoni ili asipite. Nikamwambia, "Redio, una nini?" Akasema hana kitu. Nikamwambia, "Una kitu, kila mtu anaona una kitu." Akaacha kufagia. Nikaendelea, Kaka, mdomo ulikuwa hauna breki. Nikamwambia anatutia wasiwasi, wewe hulali, mama yake lazima anaumia, kwa nini anatufanyia hivi. Nikamwambia aniambie mimi, sitamwambia mtu. Na nilikuwa najua fika kwamba jioni ile ile ningekuandikia wewe. Yeye pia alijua. Akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Mwulize kaka yako aliniandikia nini." Akaingia, akafunga mlango kwa ndani.

Siku mbili duka halikufunguliwa. Siku mbili, na ni mimi niliyelifunga.

Hasira za baba ni hizi. Unajua kila Jumamosi anakwenda kwa Redio kunyolewa ndevu kwa wembe, na hakubali mashine, anasema mashine ni ya kukatia majani. Sasa Jumamosi ya sita hii Redio anamrudisha. Mara wembe butu, mara umeanguka, mara njoo wiki ijayo. Baba anasema wembe gani unakuwa butu wiki sita kwa kinyozi. Ana ndevu za mtume na anazunguka nyumbani akizikuna kwa makusudi nimwonee huruma.

Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu. Ulimwandikia nini?

Mdogo wako

*

11 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama, ndevu za baba zikiwemo. Mtoto sasa anasimama akishika meza, halafu anasahau kwamba anashika, anaanguka, na anatutazama sisi kana kwamba tumemsukuma. Wifi yako amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli nzima, nyumba imejaa kitambaa, jana nilimtafuta mtoto nusu saa kumbe amelala chini ya robota.

Kazini tumepewa jengo jipya la ghorofa kumi na nne. Lifti ni za kisasa, zinasema namba ya ghorofa kwa sauti ya mwanamke. Mzee mmoja alimwitikia.

Mvua huku ni nyingi. Mwambie baba asitoke bila mwavuli.

Kaka yako

*

2 Mei 1993

Kaka,

Tupo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu la swali langu, nikakuta mapazia. Wewe unayetaka watu wabanwe mpaka waseme, nikikuuliza jambo moja unaniletea habari za mvua. Sikubani. Lakini nimeona kwamba hukujibu, na nitabaki najua kwamba hukujibu.

Nakwambia nilichojifunza kazini, kwa sababu niko pale miaka saba na sikuwahi kukitazama. Mgonjwa anaingia shavu limevimba kama andazi. Namwuliza, "Hujambo?" Anasema, "Sijambo." Namwuliza, "Habari?" Anasema, "Nzuri." Halafu anakaa kwenye benchi analia. Tunawapa watu jibu kabla hatujawauliza, na wao kwa adabu wanalirudisha. Lakini nikiwa nimeinama naandika jina lake daftarini, simtazami, hapo ndipo anapoanza: "Dada, tangu Alhamisi sijala." Wanasema wakiwa hawatazamwi na mimi mikono yangu ikiwa na kazi. Na wanamwambia aliyekuwepo wiki iliyopita, si mgeni.

Kwa hiyo nimeanza upya. Jumanne daktari huwa anakwenda kufundisha, kliniki tunafunga saa saba, na Jumanne mchana duka la Redio halina mtu. Jumanne iliyopita nilikwenda. Nikaomba radhi kwanza, kwa karatasi na kwa asubuhi ile. Nikasema sikuwa na haki ya kumzibia mlango wake mwenyewe. Akasema yameisha. Kulikuwa na rundo la taulo zimetoka kuanuliwa, nikaanza kukunja, yeye akawa anasafisha mashine, wote tumetazama ukutani.

Nikamwambia, macho yangu yakiwa kwenye taulo, "Nimeona tangu mwaka huu uanze hupigi soga kama zamani. Na Jumamosi nyingi umemrudisha baba. Sijui ni nini, na si lazima uniambie. Ila nimeona. Na wewe ni mtu wetu hata siku usiyochekesha. Uko sawa?"

Akaendelea kusafisha mashine. Kaka, nilikunja taulo moja mara tatu. Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Nilitaka kuuliza tena, nilitaka kukisia, nilitaka kusema kitu chochote. Nikajizuia.

Mwishowe akasema, "Nipo tu."

Nikasema, "Haya." Nikamhadithia habari za kiti kipya, nikamaliza taulo, nikamwambia Jumanne ijayo nitapita, akitaka. Akasema, "Pita." Basi.

Najua utasema sijapata kitu.

Mdogo wako

*

30 Mei 1993

Mdogo wangu,

Hatujambo. Hujapata kitu.

Unanisamehe, lakini mwezi mzima kukunja taulo ndiyo dawa gani? Kama jengo lote lingenisubiri mimi nikunje taulo, watu wangepanda ngazi mpaka uzeeni. Niko mbali siku mbili kwa basi, sina jicho pale zaidi ya lako, na jicho langu linaniambia "nipo tu". Nipo tu nini? Nimekaa na neno hilo tangu barua yako ifike. Wifi yako ameniambia nimekuwa kama mbwa aliyefungiwa nje.

Sasa jibu lako. Sikulikwepa kwa kusahau, nililikwepa kwa aibu.

Septemba nilimwandikia barua ya kawaida. Oktoba, kwa kuwa hakujibu, nilimwandikia mstari mmoja katikati ya ukurasa mtupu: "Redio, betri zimeisha?" Nikajiona nimechekesha. Desemba nilifunga betri mbili kwenye karatasi ya zawadi, nikazituma kwa posta bila barua. Nilicheka nikilamba stempu. Ndizo zile ulizoziona kwenye rafu.

Uliponiandikia kwamba watu wanne waliingia na wote wakasema maneno yale, nilikuwa nakunywa chai, nikaiacha mezani. Nilidhani ni utani wangu peke yangu. Kumbe anaupata kutwa, kutoka kwa kila kichwa kinachokaa kwenye kiti, halafu anafungua kifurushi cha rafiki yake aliye mbali na kukuta ndani uleule. Sijui ningejibu nini mimi. Labda ningefanya kama yeye.

Usimwambie kwamba nimekwambia. Au mwambie. Sijui.

Kaka yako

*

27 Juni 1993

Kaka,

Baba anakusalimia na ndevu zake. Ameshazizoea, amenunua kitana.

Umefanya vizuri kuniambia. Sikumwambia kitu, hilo ni la kwako kumwambia.

Redio amesema. Ilikuwa Jumanne ya sita. Jumanne nne za katikati sikumwuliza neno, nilikunja, tukaongea mambo ya mtaa, nikaondoka. Safari moja hakutaka mtu, alisema kichwa kinamwuma, nikamwachia machungwa mlangoni nikarudi nyumbani. Jumanne ya sita ndiye aliyeanza, akiwa amenipa mgongo anapanga chupa. Alisema, "Ulisema umeona. Uliona nini hasa?" Nikamwambia yaleyale, sikuongeza. Akasema, "Basi kaa."

Sikumkatiza. Nilitaka kusema pole, nilitaka kusema itapita, na hata sijui kama itapita. Nilipoona amefika mwisho nilimwuliza anataka tutafute la kufanya, au anataka nisikilize tu. Akasema nisikilize. Nikasikiliza tena, mara ya pili, yaleyale, na mara ya pili alisema jambo ambalo mara ya kwanza aliliruka. Alisema kuna asubuhi anaona heri asingeamka.

Hilo nakwambia kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi tangu Januari, ingawa hukuwahi kuliandika. Nilimwuliza wazi, kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Nilidhani nikilitaja nitalileta. Hakushtuka. Alisema hapana, amechoka na anaogopa, lakini si hilo. Nilimtazama usoni wakati anajibu, hapo niliacha taulo, na nilimwamini. Nikamwambia siku likimjia anifuate hata kliniki ikiwa imejaa, na kwamba jambo hilo sitalibeba peke yangu, nitamwambia mtu wa kusaidia, ajue kabisa. Akasema sawa. Akasema hakuna mtu mwingine aliyemwuliza bila kwanza kucheka.

Mengine aliyosema ni yake na sikuandikii.

Naona uso wako unavyokunjamana. Kunja. Safari ile nilimdanganya kwamba sitamwambia mtu. Safari hii sikuahidi chochote, ila siri yake nitaitunza. Nilimwomba ruhusa nikwambie yaliyobaki, akafikiri, akasema, "Kaka yako na aniulize mwenyewe."

Basi mwulize mwenyewe. Usimwandikie maswali saba. Moja linatosha, na liwe la kweli. Mwambie ulichokiona, usimwambie unachokisia. Na nakuomba sana, usimdai jibu. Si la haraka wala si la maandishi. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako

*

10 Julai 1993

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Wote wazima.

Mimi ni mkubwa wako. Mimi ndiye niliyekutuma. Mimi ndiye niliyeanza kuwa na wasiwasi wakati wewe unahangaika na viti vya meno. Sasa wewe unajua na mimi sijui, na unaniambia nisikuulize kwa nini. Nilipiga teke ndoo ya grisi ghorofa ya tisa. Imebidi nipanguse mpaka jioni.

Kuhusu lile neno, asante. Ni kweli sikuwahi kuliandika. Kalamu ilikuwa inalizunguka.

Nimejaribu kumwandikia. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa nne, zote kunihusu mimi. Ya pili ilikuwa na maswali matano, nikayahesabu nikaichana. Ya tatu ilianza na utani. Sikuukusudia, mkono ulijiandikia. Barua isiyodai jibu ni barua gani? Anwani ya kurudishia niandike au nisiandike?

Ya nne nimeituma leo. Sikumwita Redio. Nilimwita jina alilopewa na mama yake, na ilinibidi nifikiri kwanza, maana sijalitumia tangu utotoni. Nilimwambia betri zile zilikuwa ujinga na naomba radhi. Nilimwambia niliona hajaniandikia, na badala ya kujali nikakasirika. Nikauliza kama yuko sawa. Nikasema akiwa hataki kusema ni sawa, nitaendelea kumwandikia habari za lifti kama kawaida. Ukurasa haukujaa. Nilipoitia sandukuni nilitaka kuingiza mkono niitoe.

Bado nina hasira na wewe.

Kaka yako

*

22 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa baba. Mtoto ametembea hatua saba, kutoka kwa mama yake mpaka kwenye cherehani, akakaa chini mwenyewe akijipigia makofi. Mapazia ya hoteli yamekwisha, tumepata tena pa kulia chakula.

Amenijibu.

Bahasha iliandikwa anwani kwa mwandiko wa karani wa posta, nikadhani ni barua ya serikali. Ndani kulikuwa na ukurasa mmoja, na mwandiko sikuutambua. Redio mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima, ulilala upande mmoja kama nyasi. Huu ulikuwa umeruka ruka, herufi nyingine kubwa kama za mtoto, mstari unaanza juu unaishia chini. Nilisoma mpaka katikati ndipo nikaelewa kwa nini uliniambia nisimdai maandishi.

Amesema mkono wa kulia unatetemeka tangu Agosti ya mwaka jana. Ulianza kidogo, akadhani ni uchovu. Mwezi wa pili mwaka huu ukamkata mteja sikio. Tangu hapo hajashika wembe juu ya shingo ya mtu, anatumia mashine na anaibana kwa mikono miwili, na tangu mkono uanze haongei akinyoa kwa sababu anauangalia wakati wote. Barua zangu zote alizipata. Alikaa mezani kunijibu, kalamu ikawa inachora tu. Kumwomba mtu amwandikie aliona aibu, mtu mwenyewe angeuliza kwa nini. Basi akanyamaza.

Na mimi mwaka mzima nimemkasirikia mtu kwa kutoniandikia, wakati hawezi kushika kalamu.

Marehemu baba yake alianza hivyohivyo. Mimi nakumbuka vizuri alivyokuwa akishika kikombe kwa mikono yote miwili, na sisi nje ya dirisha tukimwiga. Na Redio alikuwa miongoni mwetu, akimwiga baba yake, akicheka. Sasa anadhani anajua mwisho wake. Hajamwona daktari hata mmoja, maana anaogopa kuambiwa. Anasema wewe ulimwambia mkono unaweza kutetemeka kwa sababu nyingi na nyingine zina dawa, na kwamba kliniki kwenu daktari anamjua mwenzake wa hospitali kubwa. Amekubali kwenda. Ni Alhamisi, tarehe tisa mwezi ujao. Ameandika, "Dada atakuwepo. Na wewe ukiweza."

Nimeomba siku kumi. Msimamizi alikataa, nikasimama pale mlangoni kwake mpaka akasaini. Nafika Jumanne ya wiki hiyo, mchana. Msije stendi, nitapitia kwake kwanza, kuna taulo. Sitamwuliza kitu. Nikiona mkono unatetemeka nitaona tu.

Barua yake ninayo mfukoni, nimekwenda nayo kazini wiki nzima na sasa ina grisi. Kuna mahali kalamu imetoboa karatasi kabisa. Ni pale alipoandika "naogopa". Neno halisomeki, limekuwa tundu. Angeweza kuliacha hapo, nisingejua. Ameliandika upya chini yake, herufi moja moja, taratibu, mpaka likasomeka.

Kaka yako